Siku 120 Zinaanza Lini? Hotuba kwa Wafanyabiashara wa Chake Chake Kuhusu Kupinga Malipo ya Kadi

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu, kina mama wa vikundi vya biashara, na nyinyi ndugu zangu mliotoka Wete, Mkoani na Micheweni kuja kutusikiliza: ahsanteni kwa kuniita. Nilifanya kazi miaka mingi katika benki, upande wa kadi, kwenye meza inayopokea malalamiko ya watu waliolipa na wasipate walicholipia. Meza ile ilinifundisha jambo moja ambalo ndilo nililokuja nalo leo. Wengi waliopoteza fedha zao mbele yangu walikuwa na haki, ila walifika wamechelewa.

Nieleze kwanza tunazungumza nini. Unapolipa kwa kadi ya Visa au Mastercard, hata kama ni kadi hii ya kawaida ya kutolea fedha kwenye mashine, kanuni za mtandao wa kadi zinakupa njia ya kupinga malipo. Benki iliyokupa kadi inapeleka madai yako, kupitia mtandao huo, kwa benki ya muuzaji, na fedha zikistahili kurudi zinarudi kwa njia hiyohiyo zilizopita. Sisi kazini tuliita chajibeki. Fedha uliyotuma kwa simu, uliyoipeleka kwa hawala au uliyompa mtu mkononi haimo katika njia hii, kwa hiyo yote nitakayoyasema ni ya kadi tu.

Sasa nawauliza: ni nani hapa anayejua siku zake zinaanza kuhesabiwa lini, na zinakwisha lini?

Niwasimulie habari ya mama mmoja wa hapahapa Pemba, ambaye nitamwita mama wa tanuri. Anaoka mikate na keki, na alitaka tanuri kubwa ya umeme kabla ya Ramadhani ya mwaka 2025, kwa sababu mwezi ule ndio unaomlipia ada za skuli za mwaka mzima. Akaiona kwenye duka la mtandaoni la ng'ambo, kwa dola 860 pamoja na usafirishaji. Alilipa kwa kadi tarehe 10 Januari. Barua pepe ya muuzaji ilisema mzigo utafika kabla ya tarehe 20 Februari.

Wengi wangedhani hesabu inaanza siku ile ya Januari alipolipa. Kwa mali isiyofika, sivyo. Hesabu inaanza siku ya mwisho ambayo mnunuzi aliahidiwa kupata mali yake, na kuanzia hapo Visa na Mastercard zote zinatoa siku 120 za kalenda. Nasema siku za kalenda: Jumapili imo, Ijumaa imo, na sikukuu imo. Hebu tuzihesabu pamoja. Kutoka tarehe 20 Februari, mwezi wa Februari ulibakiza siku 8. Ongeza 31 za Machi, unapata 39. Ongeza 30 za Aprili, unapata 69. Ongeza 31 za Mei, unapata 100. Zinabaki 20, nazo zinakupeleka hadi tarehe 20 Juni, ambayo mwaka ule ilikuwa Ijumaa.

Kama muuzaji hakutaja siku yoyote ya kufikisha mzigo, benki kwa kanuni za Visa inatakiwa isubiri siku 15 tangu malipo yapite kabla ya kupeleka madai, ili muuzaji apate nafasi. Kwa hiyo siku ya kufika ipo katika kila hesabu tutakayofanya, na anayenunua bila kuiuliza anaanza na upungufu. Mimi ningependa kila mmoja wenu aipate kwa maandishi kabla ya kutoa namba za kadi yake.

Mama wa tanuri alifika benki lini? Alifika Jumanne, tarehe 17 Juni. Mtasema amewahi, kwani zilibaki siku tatu. Naye aliamini hivyohivyo, kwa sababu mtu aliyemsaidia alimhesabia vizuri kabisa. Lakini tarehe ile ya 20 Juni haikuwa siku ya mwisho ya yeye kufika dirishani. Ilikuwa siku ya mwisho ya benki kuyaingiza madai katika mtandao wa kadi, yakiwa yamekamilika pamoja na vielelezo vyake. Hapa ndipo watu wanapoumia, na ndiyo maana nalirudia: siku 120 ni za benki yako kupeleka madai, si za wewe kufika benki.

Tazameni siku zile tatu zilivyokwenda. Jumanne alijaza fomu tawini. Jumatano fomu ilifika katika ofisi inayoshughulikia kadi, Dar es Salaam. Alhamisi karani wa huko akaisoma, akaona imeandikwa kuwa mali haikufika, akauliza: ilitakiwa kufika lini, na ushahidi wa siku hiyo uko wapi? Barua pepe ya muuzaji haikuambatishwa. Ijumaa mama alipigiwa simu, naye alikuwa shamba kwenye maziko ya jamaa yake. Jumatatu tarehe 23 alileta barua pepe hiyo, imechapishwa vizuri, ina kila kitu. Wakati huo mlango ulikwisha kufungwa. Karani hakuwa na uwezo wa kuufungua, wala meneja wa tawi, kwa sababu hesabu ile ni ya mtandao wa kadi na benki haina mamlaka ya kuiongeza.

Kwa sababu hii benki nyingi zinajiwekea muda wao mfupi zaidi ndani ya zile siku 120. Nyingine zinamtaka mteja alete malalamiko ndani ya siku 30 au 60 tangu apate taarifa ya akaunti. Zinafanya hivyo ili zibaki na nafasi ya kuuliza maswali kama yale ya Alhamisi. Muda huo umeandikwa katika masharti ya kadi uliyotia saini, na ukiuliza dirishani lazima uelezwe. Ukiuliza, usiulize tu kuwa mwisho ni siku ngapi. Uliza pia wanahitaji siku ngapi kabla ya mwisho huo ili waweze kupeleka.

Ndugu zangu, mama huyu si mzembe. Ni mtu wa kuamka saa kumi za usiku kukanda unga. Basi siku 117 zilikwenda wapi?

Zilikwenda kwenye subira, na subira hiyo alikuwa akiombwa na muuzaji. Tarehe 21 Februari aliandikiwa kuwa meli imechelewa. Katikati ya Machi, Ramadhani imeshaanza, akaambiwa watampunguzia sehemu ya bei kwa usumbufu alioupata, na punguzo lenyewe halikuja. Mwezi wa Aprili alipelekewa picha ya sanduku la mbao lisilo na jina wala anwani. Mei akapewa namba ya kufuatilia mzigo, na kila akiiingiza hakuna kinachoonekana. Alipotishia kwenda benki, siku chache kabla ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu, iliyoangukia Jumamosi ya tarehe 7 Juni, akaambiwa avumilie tu, wiki ijayo mzigo utakuwa mkononi.

Je, muuzaji wa namna hii anazijua siku 120? Nawaambia kwa uzoefu wangu, wapo wanaozijua kuliko makarani wa benki. Kwa anayekusudia kudhulumu, ahadi ya "wiki ijayo" haimgharimu kitu, na kila wiki anayopewa inakula siku za mnunuzi.

Mtaniuliza: je, ahadi mpya haisogezi mwanzo wa hesabu? Swali zuri, na jibu lake linategemea ahadi imeandikwaje. Kanuni inatazama siku ya mwisho ambayo mnunuzi alitarajia kupata mali. Kama muuzaji angemwandikia mama, "Tanuri itafika tarehe 30 Aprili," na mama akauhifadhi ujumbe huo, benki ingekuwa na hoja ya kuhesabu kuanzia 30 Aprili, na siku 120 zingemfikisha 28 Agosti. Lakini "wiki ijayo", "baada ya sikukuu" na "meli ikifika" si tarehe. Ahadi ya mdomo kwenye simu nayo haina cha kuonyeshwa. Kwa hiyo ukiombwa subira, dai tarehe iliyoandikwa. Na hata ukiipata, hesabu yako iendeshe kwa tarehe ile ya kwanza, na hiyo ya pili iwe akiba tu, kwa sababu anayeamua si wewe, na benki ya muuzaji inaweza kushikilia ile ya kwanza.

Kuna hasara nyingine ambayo mtu aliyechelewa huipata hata kama siku hazijaisha. Simu ya mama wa tanuri iliharibika mwezi wa Aprili, na mazungumzo ya WhatsApp ya Februari na Machi yakapotea nayo. Ukurasa wa bidhaa ulikwisha kubadilishwa, bei nyingine, picha nyingine. Namba za mizigo nazo hazikai milele. Wasafirishaji huziondoa kwenye tovuti zao baada ya miezi kadhaa, na hapo huwezi tena kuonyesha kuwa mzigo haukuwahi kutoka. Madai ya mali isiyofika yanasimama juu ya vitu vitatu: ulinunua nini, uliahidiwa lini, na ulimwandikia nini muuzaji alipokosa kutimiza. Vyote vitatu mnunuzi anavyo mkononi katika wiki ya kwanza, na baada ya miezi minne anavitafuta.

Nataka sasa niwape habari ya pili, na hii ni ya fedha ndogo, kwa sababu fedha ndogo ndizo watu wanazoziacha zipite.

Kijana mmoja, mwenye duka la vifaa vya simu, alikuja kwangu na taarifa ya akaunti tarehe 20 Machi 2025. Kila tarehe 5 ya mwezi, tangu Septemba 2024, kadi yake ilikatwa dola 9 na kampuni ya programu ya kutengeneza picha. Mikato 7. Yeye mwenyewe alikuwa na uhakika kuwa hajawahi kujiunga. Akaandika kwenye fomu kuwa ni wizi wa kadi, na akataka zote 7 zirudi.

Kwa madai ya wizi, siku 120 zinahesabiwa kuanzia siku malipo yalipopita katika mtandao, na kila mkato una hesabu yake. Tukirudi nyuma siku 120 kutoka 20 Machi tunafika 20 Novemba. Kwa hiyo mikato ya Septemba, Oktoba na tarehe 5 Novemba ilikuwa imeshatoka nje ya muda. Ilibaki 4: ya Desemba, Januari, Februari na Machi. Akasema sawa, angalau hizo.

Lakini ile mitatu ya mwanzo haikuishia kuwa hasara tu. Tangu Aprili 2023 Visa ina kanuni inayomruhusu muuzaji aliyeshitakiwa kwa wizi wa kadi mtandaoni ajitetee kwa malipo ya zamani. Akionyesha malipo mawili ya kadi hiyohiyo, yenye umri kati ya siku 120 na 365, ambayo hayakuripotiwa katika mtandao kuwa ni wizi, na akaonyesha kuwa yalitoka kwenye kifaa kilekile au anwani ileile ya intaneti pamoja na alama nyingine moja inayofanana, kama vile akaunti ileile ya mtumiaji, basi madai ya wizi yanaanguka. Muuzaji alileta mkato wa Septemba na wa Oktoba. Kifaa kilikuwa tableti ya nyumbani kwa kijana, na intaneti ilikuwa ya nyumbani kwake. Ikaja kubainika kuwa mdogo wake ndiye aliyejiunga, kwa kadi iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya tableti.

Mmeona ilivyogeuka? Kimya chake juu ya dola 9 za Septemba ndicho kilichosimama shahidi dhidi yake mwezi wa Machi. Angeiona Septemba yenyewe, jambo lingekuwa jepesi: angeghairi usajili kwa maandishi, akahifadhi uthibitisho wa kughairi, na kama kampuni ingeendelea kumkata baada ya hapo, mikato hiyo ina mlango wake wa kupingwa, tofauti kabisa na mlango wa wizi.

Na hili la mlango gani upite ni zito kuliko linavyoonekana. Watu wakiwa na hasira huandika "sikufanya malipo haya" ilhali wamefanya, na hata zile namba za uthibitisho zilizoletwa kwenye simu wameziingiza wenyewe. Madai ya wizi katika hali hiyo hukataliwa haraka, na wakati mteja anabadilisha sababu ili aseme ukweli kuwa alilipa ila mali haikufika, siku zinaendelea kwenda. Sema lililotokea, kama lilivyotokea, tangu fomu ya kwanza.

Nyinyi wenye nyumba za wageni mnatazamana, kwa sababu nyinyi mko upande wa pili wa kanuni hizihizi. Mgeni anayelipa Januari kwa ajili ya kulala Agosti, siku zake 120 zinaanzia Agosti, kwa hiyo barua za nafasi aliyoweka na ujumbe mliokubaliana msizifute msimu ukiisha. Lakini ipo dari. Madai ya huduma au mali isiyopatikana hayawezi kupelekwa baada ya siku 540 tangu malipo yenyewe yapite, hata kama siku ya huduma bado iko mbele. Hizo ni kama mwaka mmoja na nusu. Anayelipa leo kwa kadi kwa ajili ya safari ya baada ya miaka miwili, awe anakwenda Hija au popote, kinga hiyo itamalizika kabla hajafunga begi. Malipo ya mbali namna hiyo ni heri yagawanywe, sehemu kubwa ilipwe karibu na safari.

Na kuna wale wanaoambiwa, "Tumekubali kukurudishia, subiri." Hili limenipata mimi mwenyewe. Mafunzo niliyoyalipia yalifutwa, waandaaji wakaniandikia kuwa fedha zitarejeshwa, nami nikatulia kwa sababu niliona nimeshashinda. Kanuni hapo iko hivi: muuzaji akishakupa maandishi ya kukurejeshea, kwa kanuni za Visa benki yako husubiri siku 15 kutoka tarehe ya maandishi hayo, kisha mlango unakuwa wazi hadi siku ya 120 kutoka tarehe hiyohiyo. Niliwasilisha madai siku ya 16, nikiwa na karatasi moja tu, na muuzaji hakuwa na la kujibu, kwa sababu karatasi yenyewe ilikuwa yake.

Nimalizie kwa mvuvi mmoja wa Wete, aliyenunua vipuri vya mashine ya boti kwa dola 415 mwaka uleule wa mama wa tanuri. Siku ya kufika mzigo ilipopita, alisubiri siku 10. Kisha akamwandikia muuzaji barua pepe fupi: niliagiza kitu hiki, tarehe hii, mliahidi siku hii, hakijafika, nawapa siku 7. Siku ya 18 alikuwa dirishani na karatasi nne: risiti, ahadi ya tarehe, barua yake, na taarifa ya akaunti yenye mkato. Karani hakuwa na swali la kumuuliza.

Benki ya muuzaji ilijibu kwa hati ya usafirishaji inayoonyesha kuwa mzigo umepokelewa. Umepokelewa wapi? Kwenye mji ambao yeye hajawahi kuufika. Benki ilimrudia, akaandika maelezo yenye anwani yake sahihi kama ilivyo kwenye risiti, na madai yakaendelea. Hapo muuzaji akampigia simu moja kwa moja, kwa upole sana. Akamwambia kuwa fedha zake ziko tayari, ila mfumo wao unazuia kurejesha mpaka yeye aende benki akafute madai kwanza.

Jamani, ujumbe huo mkiupata, msiufuate. Madai yakishafutwa na mwenyewe, kuyafufua mara nyingi hakuwezekani, na siku zilizotumika hazirudi. Muuzaji anaweza kurejesha fedha kwenye kadi madai yakiwa bado wazi. Zikiingia, benki itaziona na itayafunga yenyewe, na ikitokea zimeingia mara mbili, benki itaondoa za ziada.

Mvuvi yule alimjibu kwa maneno machache: "Rejesha kwenye kadi niliyolipia, na benki ikiziona, itafunga." Simu haikupigwa tena. Siku ya 41 tangu alipojaza fomu, dola 415 zilikuwa kwenye akaunti yake, na hakufuta chochote.